Uzi: Bosi anataka kufunga paneli ya mlipuko kwenye filta iliyo ndani ya chumba. Tutakuwa salama?

ZamuYaUsiku
Habari za kazi wadau. Mwezi wa nne huu nasimamia zamu ya usiku kwenye kinu cha unga wa ngano. Kabla ya hapo nilikuwa maabara, kwa hiyo upande wa mitambo bado najifunza. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunijibu.

Tuna chumba cha mita 10 kwa 12, kimo chake mita 5. Elevata ya ndoo inapita humo ikipanda juu, na kando yake imesimama filta ya mifuko yenye ujazo wa mita 8 hivi. Bomba la kufyonzea vumbi linatoka kwenye elevata na kuingia kwenye filta hiyo. Wiki iliyopita alipita mkaguzi wa bima, akaandika kwamba filta haina paneli ya mlipuko. Bosi akasema hilo ni jambo dogo: tunanunua paneli, tunakata ubavu wa filta, tunafunga, basi. Ubavu wenye nafasi ni ule unaotazama katikati ya chumba.

Roho yangu haijatulia. Sakafu yetu ni safi, vijana wanafagia kila zamu. Lakini juzi nilipanda ngazi kuangalia taa iliyokuwa inapepesa, nikapitisha kidole juu ya boriti. Kikaacha mtaro kama wa mtoto anayechora mchangani. Juu ya trei za nyaya hali ni hiyo hiyo.

Paneli ikifungwa pale, tuko salama? Na lile vumbi la juu lina uzito gani kwenye hesabu hii?

VoltiTatu
Dada, hapo mnahangaika na matokeo badala ya chanzo. Unga hauwaki bila cheche, na cheche kwenye kinu ni umeme tuli. Unga ukipita kwenye bomba unajichaji, mtu akigusa chuma, pa! Wape watu viatu vya kupitisha chaji, vaa na ile mikanda ya mkononi, tia ethi kila mashine. Ukishaua cheche paneli huihitaji wala boriti hazikuhusu.

MtunzaStoo
Mimi nina swali linalofanana. Ghala langu ni la magunia tu, sina elevata. Tukifukiza kwa vidonge vya fosfini, je, vumbi la magunia linaweza kulipuka na ile gesi? Mwaka jana kijana mmoja alirundika vidonge kwenye sahani moja badala ya kuvitawanya, tukaona moshi na moto mdogo chini ya turubai.

MzeeWaNdoo
Mtunza, lako ni jambo jingine kabisa, ila nalijibu kwa sababu lina hatari yake. Kilichowaka pale ni gesi yenyewe. Fosfini ikifika takribani asilimia 1.8 ya hewa inaweza kushika moto bila ya kuwashwa na mtu, na kurundika vidonge au kuvilowanisha ndiyo njia ya kuifikisha huko. Tawanya vidonge kama karatasi ya maelekezo inavyosema na uweke mbali na maji. Magunia yaliyopangwa na yaliyotulia hayana wingu la vumbi, kwa hiyo wewe hofu yako kubwa iwe moto na sumu kabla ya mlipuko.

Sasa tuje kwa dada ZamuYaUsiku. Kabla sijasema lolote juu ya paneli, nitakuomba kitu kimoja. Chukua brashi laini na mfuko wa nailoni, panda tena ngazi ile. Pima nusu mita ya boriti, kwangua vumbi lote la hapo liingie mfukoni, ulipime kwenye mizani ya maabara. Halafu hesabu boriti, trei na migongo ya mabomba ina mita ngapi za mraba kwa jumla. Uniletee namba. Macho hudanganya sana kwenye jambo hili, mizani haidanganyi.

VoltiTatu, na wewe nitakurudia. Una nusu ya ukweli.

Chekeche
Mzee akishaanza na mizani jua uzi utakuwa mrefu. Nakaa mkao wa kula.

ZamuYaUsiku
Nimepima Mzee. Boriti ina upana wa sm 20, kwa hiyo nusu mita ni mita 0.1 ya mraba. Vumbi lake limetoka gramu 90. Unene kwa rula ni kama milimita 3.

Boriti ziko sita, kila moja mita 10: jumla mita 12 za mraba. Trei za nyaya mbili, kila moja mita 12 kwa sm 30: mita 7 na kidogo. Migongo ya mabomba na kifuniko cha mota nimekisia mita 5. Yote inakuwa 24 hivi.

MzeeWaNdoo
Kazi safi. Gramu 90 kwa mita 0.1 ni gramu 900 kwa mita moja ya mraba. Zidisha kwa 24 unapata kilo 21 na nusu, tuseme 22. Karibu mfuko mzima wa unga umelala juu ya vichwa vyenu, na huo hakuna anayeuona kwa sababu kila mtu anatazama sakafu.

Chekeche
Subirini, na mimi nipige hesabu. Chumba ni mita 600 za ujazo. Kilo 22 zikigawanywa humo ni gramu 36 na ushee kwa kila mita ya ujazo. Nilishasoma kwamba vumbi la unga na nafaka linaanza kuweza kulipuka kwenye gramu 50 au 60 hivi. Kumbe dada yuko chini ya kiwango! Apumue.

MzeeWaNdoo
Chekeche, hesabu yako ni sahihi, hitimisho lako linaua watu. Umechukua lile vumbi ukaligawa sawasawa kwenye kila kona ya chumba, kama sukari ndani ya chai iliyokorogwa. Mlipuko haukorogi hivyo. Upepo wa mlipuko wa kwanza unapiga boriti, vumbi linashuka kama pazia, na moto unafuata nyuma yake kabla halijasambaa popote. Likijaza nusu ya juu tu ya chumba, tayari ni gramu 72. Likijaza theluthi, ni 108. Na ili jengo lianguke si lazima chumba chote kiwake. Unga ukilipuka ndani ya chombo kilichofungwa unatoa shinikizo la bar 8 hadi 9. Ukuta wa kawaida wa matofali huanza kupasuka kwenye sehemu ya kumi ya bar, na mwingi haufiki mbili ya kumi. Ikiwaka sehemu ndogo tu ya chumba, ukuta umekwenda.

Nikupe na picha ya macho. Wingu lenye uwezo wa kulipuka si ile hali ya hewa ya vumbivumbi ambayo watu wa kinu wameizoea na kuilalamikia. Ni zito kiasi kwamba taa ndogo iliyo mita mbili mbele yako huioni. Hali hiyo ndani ya chumba cha kazi haipo siku ya kawaida, mngekuwa mnakohoa hadi kuzimia. Ndani ya elevata ipo kila siku, kila ndoo inapomwaga. Ndani ya filta ipo kila mifuko inapopigwa hewa kujikung'uta. Kwa hiyo mlipuko wa kwanza huzaliwa ndani ya mashine. Lile la boriti ni la mlipuko wa pili, na wa pili ndio unaobomoa jengo na kuzika watu.

VoltiTatu
Sawa Mzee, lakini hata huo wa kwanza unahitaji cheche. Hujajibu.

MzeeWaNdoo
Nakujibu sasa. Mtu akijichaji vizuri, kavu, amevaa soli ya mpira, cheche ya kidole chake hubeba milijuli kumi, ishirini, thelathini. Wingu la unga wa ngano kwa kawaida linataka makumi ya milijuli kuwaka, mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa hiyo kidole cha mtu ni mtuhumiwa dhaifu kwenye unga. Kinachonitisha kwenye umeme tuli ni chuma kilichotengwa: kipande cha bomba kilichofungwa kwa soksi ya mpira juu na chini, hakina waya wowote wa kukipeleka ardhini. Hicho kinakusanya chaji kuliko mwili wa mtu na kuitema yote kwa mpigo. Ethi unayoisema ni ya lazima, na mahali pake pa kwanza ni hapo. Viatu baadaye.

Lakini ukiuliza moto mwingi wa elevata unatoka wapi, jibu ni msuguano. Mkanda uliohama katikati ukasugua ukuta wa chuma. Beringi iliyokufa. Na mkanda unaoteleza juu ya puli ya kichwani. Huu wa mwisho niliuona kwa macho yangu.

Nilikuwa kijana, fundi msaidizi, kwenye kinu ambacho sitakitaja. Elevata ilisongwa chini kwenye buti, nafaka imejaa hadi ndoo hazisogei. Mota yenyewe haikujua, iliendelea kuzungusha puli ya juu. Mkanda umesimama, puli inazunguka chini yake. Mpira wa puli ukaanza kunuka. Tuliokuwa chini tulisikia harufu ile, mmoja akasema ni gari nje linachoma breki. Mwendeshaji akazima, akawasha, akazima, akawasha, akijaribu kuikwamua kwa kuishtua. Kila akiwasha anaongeza joto palepale. Mara ya nne au ya tano mkanda ukakatika kwa kuungua. Mkanda wa mita zaidi ya 25 pamoja na ndoo zake ukaanguka ndani ya mguu wa elevata, ncha yake inafuka moto, ukipiga kuta na kutimua kila chembe iliyokuwa imelala humo. Fikiria: wingu na moto vimetengenezwa kwa tendo moja, ndani ya bomba lililofungwa.

Mlipuko ulitoka kwenye kichwa cha elevata, ambacho kwa bahati kilikuwa juu ya paa na bati lake jepesi. Bati liliruka. Chini ilibaki milango ya ukaguzi iliyong'oka na mtu mmoja aliyeungua mikono. Tulipona kwa sababu mbili tu: moto ulipata njia ya kutokea juu, na chumba cha chini kilikuwa kimesafishwa siku mbili nyuma kwa ajili ya mgeni. Laiti mgeni angeahirisha!

Kumbukumbu
Hadithi ya Mzee inanikumbusha kinu cha Washburn A kule Minneapolis, tarehe 2 Mei 1878. Walikufa watu 18, na wanne kati yao walikuwa kwenye vinu vya jirani. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye mawe ya kusagia yaliyozunguka yakiwa makavu, bila nafaka katikati, yakatoa cheche. Watu wa mji ule walikuwa wanaamini unga ni chakula tu, iweje ubomoe jengo la mawe la ghorofa kadhaa.

MzeeWaNdoo
Ahsante Kumbukumbu. Na kwa anayedhani hayo ni ya zamani, aangalie ghala kubwa la nafaka karibu na Wichita, Kansas, mwezi wa Juni 1998. Roli moja ya konveya kwenye handaki la chini ilikwama beringi yake. Mkanda ukaendelea kuisugua, joto likawasha vumbi. Mlipuko ukasafiri handakini na kupanda ndani ya jengo, watu saba wakafa. Roli moja, kitu ambacho mtu mmoja anakibeba.

Kwa hiyo dada, kwenye elevata yako nataka ujue vitu vitatu. Kuna kipima mwendo kwenye puli ya chini? Kanuni ya Marekani ya kushughulikia nafaka inataka elevata izimike yenyewe mwendo wa mkanda ukishuka kwa asilimia 20, na inakataza kabisa ile tabia ya kuwasha na kuzima ili kukwamua. Kuna vihisi vya mkanda kuhama? Beringi za juu ziko nje ya mfuko wa elevata au ndani? Za ndani zinahitaji kupimwa joto muda wote.

ZamuYaUsiku
Kipima mwendo kipo. Nimemuuliza fundi, akacheka, akasema "kile kilikuwa kinazima elevata bila sababu, tukakiruka." Kimefungwa waya wa kuunganisha moja kwa moja. Vihisi vya mkanda hakuna. Beringi ziko nje.

VoltiTatu
Yaani wamekiruka! Kilikuwa kinazima kwa sababu mkanda ulikuwa unateleza, si bila sababu. Mzee, hapo naungana na wewe moja kwa moja.

MzeeWaNdoo
Mara nyingi ndivyo. Wakati mwingine ni kihisi kilicholegea kinachosoma vibaya, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupima mwendo wa puli ya juu na wa ile ya chini kwa kipimo cha mkono, na elevata imebeba mzigo. Puli za kipenyo kimoja zinatakiwa kuzunguka sawa. Ya chini ikibaki nyuma, mkanda umelegea au mpira wa puli umeisha. Lakini ule waya utolewe leo, kabla ya kununua chochote.

Tuje kwenye paneli, maana ndiyo uliyouliza. Paneli ni bati jembamba linalopasuka kwa makusudi, nyingi hupasuka kwenye sehemu ya kumi ya bar, ili filta isipasuke yenyewe. Haizuii mlipuko. Inauhamisha. Swali zima ni unauhamishia wapi.

Filta ikilipuka, kupitia paneli inatoka hewa moto, unga ambao haujawaka bado, na moto unaoufuata nje. Wahandisi wa Ulaya wana kanuni rahisi ya kukisia urefu wa ulimi huo wa moto: chukua mzizi wa tatu wa ujazo, uzidishe kwa 10. Filta yako ni mita 8 za ujazo, mzizi wake wa tatu ni 2. Kwa hiyo mita 20.

Chumba chako ni mita 12.

Chekeche
Nimekaa kimya kwa dakika nzima.

ZamuYaUsiku
Yaani paneli ikifunguka pale inaujaza moto chumba kizima, na upepo wake unaangusha zile kilo 22.

MzeeWaNdoo
Ndiyo hivyo. Bila paneli, filta inapasuka kwenye mshono usioujua, na hilo ni baya. Ukiweka paneli inayotazama ndani, umechagua mshono wewe mwenyewe, na umechagua uwatazame wafanyakazi. Mkaguzi alisema kweli kwamba paneli inahitajika. Bosi amekosea upande.

Njia zipo. Ya kwanza ni kuitoa filta nje kabisa, isimame uani. Ghali siku ya kwanza, inakulipa usingizi. Ya pili ni kuisogeza hadi kwenye ukuta wa nje na kuiwekea mfereji mfupi, ulionyooka, unaopeleka moto nje. Hapa watu huharibu: mfereji huongeza shinikizo ndani ya filta, kwa sababu unga ule ambao haujawaka unalipuka ndani ya mfereji na kuziba njia. Filta iliyokuwa inavumilia bila mfereji inaweza isivumilie ikiwa nao, kwa hiyo eneo la paneli linapigwa hesabu upya na anayejua nguvu ya bati la filta yako. Kona kwenye mfereji usizikubali. Ya tatu ni kile kifaa chenye wavu mzito wa chuma juu ya paneli, kinachoumeza moto. Kinafaa ndani, lakini bado kinatema hewa ya moto na shinikizo, kina kikomo cha ujazo na cha aina ya vumbi, na chumba kinatakiwa kiwe kikubwa kuliko filta kwa mbali. Nacho kikiziba kwa vumbi la nje hakifai tena.

Na yote hayo ni bure kama umesahau lile bomba linalounganisha elevata na filta. Moto ukianza kwenye elevata unatembea ndani ya bomba hadi kwenye filta, na unafika ukiwa na kasi zaidi kuliko ulipoanza. Kwenye bomba hilo panatakiwa valvu inayojifunga mlipuko ukija kutoka upande wowote, maana ile ya kawaida ya kibao hujifunga tu mlipuko ukirudi kutoka kwenye filta, na chini ya filta valvu ya mapanga inayozunguka, inayosimama mara moja isije ikaendelea kumwaga unga unaowaka kwenye skrubu ya kusafirishia unga.

KitaluCheupe
Mimi nafanya kinu kidogo, mashine ya nyundo moja tu na saikloni. Hapa mmenitisha. Kwa kusafisha sisi tunatumia kompresa kila jioni, inapuliza boriti zote safi ndani ya dakika kumi. Hiyo si ndiyo dawa ya zile kilo 22?

VoltiTatu
Kompresa ndiyo njia pekee ya kufika kwenye trei za nyaya. Ufagio haufiki.

MzeeWaNdoo
Kitalu, soma tena ulichoandika. Kila jioni unatengeneza lile wingu kwa mkono wako, na mota, taa na mashine ya nyundo bado zina joto. Unalofanya kwa kompresa kwa dakika kumi, mlipuko unalifanya kwa nusu sekunde. Wingu ni lile lile. Tena huliondoi. Linapanda, linatua juu ya boriti nyingine, au linaingia ndani ya boksi la swichi.

Mashine ya kufyonza iliyotengenezwa kwa vumbi linalolipuka, yenye mpira wa kupitisha chaji uliotiwa ethi, ndiyo ya kwanza. Brashi laini na kijiko kirefu cha kuzolea ndiyo ya pili. Unaanza juu kabisa unashuka, usije ukasafisha sakafu halafu boriti. Hewa ya kupuliza iwe ya mwisho kabisa, kwa kona ambazo kweli hazifikiki, mashine zote zimezimwa na zimepoa, umeme wa chumba umekatwa, milango wazi, shinikizo dogo, baada ya kufyonza kwanza.

VoltiTatu
Hapo hatutakubaliana. Kwa kinu kinachofanya kazi saa 24, kuzima kila kitu ili kusafisha trei ni ndoto. Mimi nimeona vinu vikubwa vinapuliza huku vinasaga, miaka nenda rudi.

MzeeWaNdoo
Nami nimeviona. Tubaki hapo.

KitaluCheupe
Na kumwagia maji?

MzeeWaNdoo
Maji yanagandisha unga kuwa ukoko, unaota, unapata wadudu. Na kama tabaka la vumbi linafuka moto, usilipige maji kwa mpira wa kasi, utalirusha hewani likiwa na moto ndani yake. Mnyunyizo laini kama umande, kutoka mbali.

Kumbukumbu
Kuna kiwango cha unene kinachokubalika?

MzeeWaNdoo
Wamarekani kwenye nafaka wameandika sehemu ya nane ya inchi, yaani milimita 3.2, kwa maeneo ya kipaumbele kama yale ya jirani na elevata ndani ya jengo. Mimi naona ni nyingi mno kwa kinu cha unga. Dada ana milimita 3, kwa karatasi ile amepita mtihani, na mmeona hesabu yake. Kipimo changu ni rangi. Boriti ikipakwa rangi ya bluu na leo huioni bluu, fyonza.

Na muhimu kuliko kufyonza, dada: vumbi lile linatoka wapi? Filta inayofanya kazi na elevata iliyofungwa vizuri haziwezi kukupa gramu 900 kwa mita. Kuna mahali panavuja.

ZamuYaUsiku
Nimerudi baada ya siku tatu. Habari ni nyingi.

Ule waya umetolewa. Tumepima mizunguko na elevata ikiwa na mzigo: puli ya chini inabaki nyuma kama asilimia 8. Fundi amekaza mkanda, imeshuka hadi karibu sifuri, na kipima mwendo hakijazima tena tangu hapo.

Uvujaji tumeupata. Soksi ya kitambaa inayounganisha mdomo wa elevata na bomba la chini imechanika nyuma, upande usioonekana, mpasuko kama kiganja. Nilipoweka tochi niliona unga unapumua kila ndoo inapomwaga. Na VoltiTatu, kipande cha bomba kilicho chini ya soksi hiyo tumekipima kwa mita: kati yake na fremu hakuna mawasiliano kabisa. Kilikuwa kinaning'inia kati ya soksi mbili.

VoltiTatu
Hicho ndicho chuma kilichotengwa cha Mzee. Waya wa shaba uliosukwa, kituo hadi kituo, na upime tena. Ikizidi omu 10 kwa chuma na chuma, safisha rangi pale ulipofunga.

ZamuYaUsiku
Tumefunga, inasoma chini ya omu 1. Boriti tumezifyonza usiku kucha, mfuko ulitoka kilo 19, kwa hiyo makisio yangu hayakuwa mabaya.

Bosi amekubali kuisogeza filta hadi ukuta wa nje. Tatizo jipya: upande wa pili wa ukuta huo ndiko malori yanakopanga foleni kusubiri kupakia. Nimepima kwa hatua, halafu kwa futikamba. Kutoka ukutani hadi lori la kwanza ni mita 14. Madereva hukaa chini ya kivuli cha ukuta wakicheza karata.

MzeeWaNdoo
Mita 14 kwa ulimi wa mita 20. Hapana. Ama foleni ihame, pawekwe uzio na mtu asikae pale hata dakika moja, ama paneli itazame juu kupitia paa. Kuna pia bamba la chuma linalosimamishwa mbele ya paneli kuugeuza moto uelekee juu, lakini lina masharti ya umbali na pembe, na nguvu yake inarudi kwenye filta. Mhandisi wa watengenezaji alithibitishe kwa maandishi, si kwa simu.

Nani ana uamuzi wa foleni?

ZamuYaUsiku
Meneja wa mauzo. Amesema malori hayana pa kwenda kwingine. Kuhusu paa, juu yake kuna njia ya watu wa kutengeneza feni, wanapita mara moja kwa wiki. Kesho saa nne tunakaa naye mimi, fundi na bosi. Nimechora ramani ya ua, nimeweka duara la mita 20 kwa kalamu nyekundu, limefika hadi kwenye benchi la madereva.